Kumtoa Kaka Pichani

Wajukuu zangu wanafuta watu kwenye simu kwa kidole huku wakitafuna mahindi. Juzi mmoja alimfuta mchumba wake wa zamani mbele yangu, akaendelea kutafuna. Nikawaambia kwamba enzi ya Mwingereza sisi tulipanda basi kutoka Njombe mpaka Makambako, baba, mama na mimi, kwenda kuuliza kama mtu anaweza kutolewa pichani. Wakacheka sana. Mimi sikucheka, na nilikasirika nikaenda kukaa jikoni, kwa sababu mtu aliyetakiwa kutolewa alikuwa kaka yangu, na sikuwa na kaka mwingine.

Picha ilikuwa moja tu. Ilipigwa siku aliyobatizwa mdogo wetu wa mwisho, mtoto wa kike. Mpiga picha alikuwa akipita Njombe na kamera yake ya miguu mitatu, baba akamwita nyumbani baada ya ibada. Tulisimama mbele ya nyumba yetu, ukuta ulikuwa umetoka kupakwa chokaa. Baba na mama walikaa kwenye viti. Mimi nilisimama nyuma ya baba, shingo nimeikaza kama nimemeza kijiti. Mtoto alilia kwa mama, akalia kwa baba, akalia kwangu, na hakunyamaza mpaka kaka alipombeba. Kwa hiyo kaka alisimama pembeni, upande wa mama, na mtoto kifuani mwake katika gauni jeupe refu la ubatizo.

Mtoto yule hakumaliza mwaka. Surua ilimchukua wakati wa baridi, pamoja na watoto wengine wa kijijini. Ile picha ndiyo sura yake pekee iliyobaki duniani. Mama alikuwa akiifuta vumbi kila asubuhi kabla hata ya kuwasha moto.

Wakati mtoto anakufa, kaka alikuwa ameshaondoka. Alikuwa mwashi, mkono wake mwepesi kwenye mawe, akaenda kujenga Uwemba kwenye misheni ya Wakatoliki. Baba alimpa ruhusa mwenyewe, akasema ukuta hauna dhehebu. Ikawa kazi, kazi ikazaa urafiki, urafiki ukazaa uchumba, na kaka akapokelewa katika Ukatoliki ili amuoe binti wa huko. Siku hizi mtu akisikia hivyo anauliza, kwani kuna nini? Siku zile palikuwa na mambo. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Alikuwa anakaa mbele, anashika sahani ya sadaka, anakwenda nyumba za watu kuwauliza mbona watoto wao hawaji mafundisho. Sasa watu wakawa wanamtazama kwa namna ya kumuuliza yeye. Hakuna aliyemwambia kitu. Mchungaji hakumwambia kitu. Lakini baba alikuwa mtu wa kujihukumu mwenyewe kabla hajahukumiwa, na akijihukumu yeye, nyumba nzima inafungwa naye.

Hakupiga kelele. Aliacha kulitaja jina la kaka, basi. Na sisi tukaacha.

Nadhani mambo yangekwisha kimyakimya kama si desturi yetu ya wageni. Mgeni akiingia, kabla chakula hakijaiva, anapewa picha aangalie. Inateremshwa ukutani, inawekwa magotini mwake, na mwenye nyumba anasimama nyuma yake akionyesha kwa kidole: huyu ni mimi, huyu ni mama yao, huyu ni fulani. Ni heshima. Usipoonyesha, mgeni anajiona amewekwa nje. Baba alikuwa akionyesha mpaka anafika kwa mtoto, anasema huyu tulimzika, halafu anairudisha picha ukutani haraka, kidole hakijafika kwa yule aliyembeba. Wageni wa kwetu walielewa. Lakini wakaja watu wengine.

Walikuwa wanakuja kunichumbia. Mchumba wangu alikuwa kijana wa Makete, Mkinga, mwalimu wa shule, na wazee wake walituma habari kwamba watafika Jumamosi ya wiki ya pili. Baba alifurahi, kisha akaitazama picha, furaha ikamwisha. Watu wa mbali hawajui kunyamaza kwetu. Wataletewa picha, watauliza huyu kijana ni nani, yuko wapi, mbona hayupo kumpokea mkwe. Baba hakuwa mtu wa kusema uongo, na ukweli hakuutaka mdomoni mwake.

Jioni moja akatuambia kwamba atakwenda Makambako kwa yule mpiga picha, amtoe. Hakusema amtoe nani.

Mama akaweka chini ungo wa njegere aliokuwa akichambua. Akasema na yeye anakwenda. Hilo lilikuwa geni. Mama hakuwahi kwenda Makambako, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Baba akasema kuna baridi. Mama akasema baridi iko hata hapa. Ikaamuliwa niende mimi pia nimfasirie, maana nilikuwa nimesoma, na mpiga picha alikuwa mtu wa Tanga asiyejua neno la Kibena ila salamu ya kamwene, na hata hilo alilisema asubuhi na jioni bila kujali anaongea na nani.

Makambako ya wakati ule ilikuwa njia panda na upepo. Palikuwa na maduka machache ya Wahindi, malori ya magome ya miwati, ile miti ya kutengenezea dawa ya ngozi, vumbi jekundu, na watu wamejikunyata wakisubiri magari ya Iringa au ya Mbeya. Mpiga picha alikuwa na chumba nyuma ya duka moja. Tulimkuta amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, analalamika kwamba maji yake ya dawa hayafanyi kazi kwa baridi ya huku, inabidi ayapashe moto kama uji. Alituamkia vizuri, akatupa kibao kirefu tukae. Ukutani alikuwa amebandika picha za maharusi, za askari, na ya Malkia aliyoikata kwenye gazeti.

Baba alimweleza haja yake kwa maneno machache. Mpiga picha aliichukua picha, akaitazama, akaenda kwenye kabati, akapekua bahasha mpaka akaipata negativu yetu. Ilikuwa ya kioo. Aliiinua dirishani ili tuone. Nilishtuka, maana tulikuwa kinyume chetu: koti jeusi la baba lilikuwa wazi kama maji, ukuta wa chokaa ulikuwa mweusi, nyuso zetu nyeupe, gauni la mtoto jeusi kuliko vyote.

Halafu hakuanza kazi. Akaketi juu ya sanduku, akaanza kuuliza. Nilidhani ni mbea. Baadaye alituambia mwenyewe kwamba aliwahi kumtoa mke wa mtu mmoja wa Iringa pichani bila kuuliza, na kaka zake yule mke wakaja wakavunja vioo vyake vyote. Tangu siku hiyo hagusi mtu kabla hajajua ni nani na nani amekubali.

Aliuliza, mzee, huyu ni nani wako? Baba akasema ni mtu wa nyumba ile. Akauliza, yu hai? Baba akasema yu hai. Amekosa nini? Baba akasema hilo si la picha. Mpiga picha akakubali kwamba kweli si la picha. Akauliza tena, je, ameambiwa kwamba anatolewa? Na picha hii ni ya nani, ni yako peke yako, au ni ya wote waliomo? Baba akasema yeye ndiye aliyeilipia. Mpiga picha akasema kulipia anajua, yeye anauliza ni ya nani.

Baba yangu hakuzoea kuulizwa maswali na mtu aliyevaa sweta mbili. Nilimwona anavuta pumzi kupitia pua. Akamwambia aeleze kwanza kazi yenyewe inavyofanywa, maswali baadaye.

Basi akaeleza, na nitaeleza kama alivyosema, maana niliyarudia yote kwa Kibena kwa ajili ya mama na hayajanitoka. Njia ya kwanza ni mkasi. Mtu aliye pembeni anakatwa kwa urahisi, picha inakuwa nyembamba kidogo, imekwisha. Akaweka kucha yake pale ambapo mkasi ungepita. Kucha ilimwacha kaka upande wa nje. Ilimwacha na mtoto pia.

Mama hakungoja nimfasirie. Alisema hapana.

Njia ya pili ni kufanya kazi juu ya negativu. Pale palipo wazi kwenye kioo, mwanga unapita, na kwenye karatasi panatoka peusi. Koti la kaka liko wazi. Ukilipaka rangi nzito nyekundu isiyopitisha mwanga, mwanga haupiti, na pale kwenye karatasi panatoka peupe kama chokaa. Hivyo mtu anageuka ukuta. Rangi hiyo ikikosewa inaoshwa kwa maji. Lakini kivuli cha kaka kimelala chini hadi kwenye viatu vya mama, nacho lazima kijazwe kwa penseli iliyochongwa nyembamba sana, nukta kwa nukta. Na juu ya kichwa chake kuna giza la upenu wa nyumba ambalo lazima liendelezwe, na hapo ni kukwangua kioo kwa kisu. Palipokwanguliwa hapaoshwi. Hapo hakuna kurudi.

Akasema pia kwamba ukuta wetu una madoa na michirizi ya mvua, lakini ukuta wa rangi yake utakuwa mweupe mtupu kama shuka, na mtu mwenye macho ataona tu kwamba hapa palikuwa na kitu. Anaweza kwanza kuipiga picha hiyo picha, apate negativu ya pili, afanyie kazi hiyo na ya kwanza ibaki salama. Ila picha ya picha hufifia, nyuso zinaingia ukungu.

Baba akasema ukungu si neno, hata Njombe upo. Ndiyo mara ya pekee siku ile alipotania.

"Mzee, shida yangu si ukuta," mpiga picha akasema. "Shida yangu ni mtoto. Nikimtoa kijana, mtoto anabaki hewani. Siwezi kumchorea kiti, hakuna kiti kirefu hivyo. Na hii mikono iko juu ya gauni. Nikiifuta mikono, nafuta na gauni."

Tulimtazama mtoto sote. Vidole vya kaka vilionekana wazi kabisa, vimetanuka juu ya kitambaa cheupe, mkono mmoja chini na mwingine mgongoni, vya mtu anayeogopa kuangusha.

Hapo akamgeukia mama. Akaniambia nimuulize kama naye anataka kijana atolewe. Nikamuuliza. Mama akaongea bila kumwangalia baba, akiongea na ule mlango wa kabati, na mimi nikiyageuza maneno yake Kiswahili mbele ya mtu mgeni. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Mwambie nina watoto watatu," mama alisema. "Mwambie mmoja nimemzika, na huyu mkubwa hakuitwa kwenye kumzika mdogo wake, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Nilinyamaza. Sasa wawili wale wako mahali pamoja kwenye karatasi hii tu. Mwambie nimechoka kunyamaza, akitaka kutoa mtu anitoe mimi."

Nilifasiri yote. Nilipofika pale pa kutoitwa msibani nilimalizia kwa kunong'ona. Baba alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa anajua Kibena kuliko sisi sote, na bado alingoja mpaka nimalize Kiswahili, kana kwamba hajasikia mara ya kwanza. Nilimhurumia na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, nami sijui mpaka leo kipi kilizidi.

Mpiga picha alikuwa mwoga wa ugomvi. Akainuka haraka, akaleta kadi ngumu ya rangi ya maziwa, ile ambayo huwekwa mbele ya picha ndani ya fremu, ikiwa imetobolewa dirisha la mviringo katikati. Akasema kuna njia ya tatu ambayo haimdhuru mtu. Kadi inafunika pembe. Anaweza kulikata dirisha hivi kwamba kichwa, mabega na miguu ya kijana vinaingia chini ya kadi, na mtoto anabaki. Picha yenyewe haiguswi. Siku mtakayotaka, mnageuza fremu, mnatoa misumari midogo ya nyuma, mnaitoa kadi.

"Lakini mikono itaonekana," akaongeza. "Mikono siwezi kuificha bila kumficha mtoto."

Baba akamtazama mama. Mama hakusema ndiyo wala hapana, na baba akachukua hiyo kuwa ndiyo, kama alivyozoea. Mpiga picha akaikata kadi pale pale kwa kisu chenye ncha, kisu amekilaza ili kingo za dirisha zitoke mteremko safi. Akaweka kioo cha fremu, kadi, picha, ubao, misumari. Alipoigeuza tukaona baba, mama, mimi na mtoto anayeshikwa na mikono iliyotoka mahali pasipojulikana.

Tukiwa tunaaga, akatupa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Alisema wageni wakiuliza, semeni kweli fupi. Msiseme amekufa. Kuna mtu alisema hivyo kuhusu mdogo wake, na mdogo wake akaingia mlangoni watu wakiwa wanampa pole. Na kabla ya wageni, akasema, mwambieni kijana mwenyewe. Afadhali asikie kwenu kwamba amefunikwa kuliko kusikia njiani kwamba amekwanguliwa. Baba akamshukuru kwa adabu ile ya kumnyamazisha mtu.

Ndani ya basi walikaa kiti kimoja, mimi nyuma yao. Watu wengi wa kwetu walikuwamo. Mama alitaka tukubaliane la kusema. Yeye alipendekeza, yuko kazini Uwemba, kwisha. Baba alisema ukishasema Uwemba wataanza kuuliza Uwemba ipi, ya nani, ameoa wapi. Alitaka tusiseme kitu, tukaribishe chai. Mama akauliza kwa sauti iliyosikika viti kadhaa kwamba, je, ni lini tutamwambia kijana wetu kuwa tumemtoa? Baba akasema tusiongee mambo haya hapa. Kila mtu kwenye basi alikuwa ameshaacha mazungumzo yake kusikiliza. Nilitamani gari lipasuke tairi.

Hakuna aliyekwenda Uwemba kumwambia kaka. Ni mwendo wa asubuhi moja tu kwa miguu, na hakuna aliyekwenda. Tulikuwa tumetumia siku nzima kujadili karatasi, na mtu mwenyewe tukamsahau.

Jumamosi wakaja. Walikuja na shangazi wa mchumba wangu, mama mzee mwenye macho makali na maneno laini, na ndiye aliyepewa picha. Mimi nilikuwa naleta chai, nimeagizwa nisijibu chochote. Baba alisimama nyuma yake akaonyesha. Huyu ni mimi. Huyu ni mama yao. Huyu ndiye binti yenu. Huyu mdogo tulimzika. Shangazi akatoa pole, akaisogeza picha karibu na macho.

"Na mikono hii ni ya nani?" akauliza.

Aliuliza kwa wema kabisa. Nilisimama na birika mkononi. Mama alikuwa mlangoni na hakutikisika. Nilimwona baba anafungua mdomo kukaribisha chai, kama alivyopanga, na chai ilikuwa tayari imeshakaribishwa.

"Ni ya mwanangu," baba akasema.

Neno hilo hatukuwa tumelisikia tangu kaka aondoke. Shangazi akafurahi, akasema vema, basi kuna kaka wa kumtoa bibi harusi. Maana katika ukoo wetu, na kumbe na kwao, siku ya harusi kaka ndiye anayemshika dada mkono akamvusha kizingiti. Akauliza yuko wapi. Baba akasema yuko Uwemba. Akauliza kama atakuwepo. Baba akasema ataulizwa.

Hivyo Jumatatu tukaondoka, baba na mimi, kwa sababu mwenye kuomba kuvushwa ni bibi harusi mwenyewe. Baba aliichukua picha, akaifunga kwenye kitambaa, akaibeba kwapani. Kulikuwa na ukungu, tukapita kwenye mashamba ya miwati tukiwa tunasikia watu wanabandua magome bila kuwaona. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilishaona kaka anacheka, ananitania kuhusu Mkinga wangu, baba anakohoa kwa aibu, na mambo yanakwisha.

Tulimkuta juu ya ukuta ambao haujafika madirishani. Alituona, akaweka mwiko chini, akashuka. Akanawa mikono kwenye pipa polepole sana. Alikuwa amekonda, na ndevu alizokuwa hana zamani zilimfanya afanane na baba kupita kiasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mimi aliniita dada, na akanishika kichwa. Nikaomba nilichokuja kuomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole kwamba amesikia ametolewa pichani, kwamba watu wa basi walisema mzee alikwenda Makambako na mtu mwenye kisu akamkwangua kwenye kioo. Akasema mtu aliyekwanguliwa hawezi kumshika bibi harusi mkono, watu watamwona kama nani?

Baba hakubishana. Akapiga goti moja pale kwenye vipande vya mawe, akafungua kitambaa, akaigeuza fremu, akaanza kung'oa ile misumari midogo kwa kucha. Misumari ilikuwa imekaza. Kaka alimwangalia tu. Nilitaka kusaidia, kaka akanizuia kwa mkono. Mwishowe kadi ikatoka, na kaka akawa yumo, mzima, shingo yake imeinama kumwelekea mtoto.

"Umo," baba alisema. "Nilikufunika. Mimi ndiye. Sikukutoa."

Kaka aliichukua. Hakujitazama hata kidogo. Alimtazama mtoto mpaka nikadhani ametusahau, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. Kisha akauliza swali lake kwa utulivu, kama mtu anayeuliza bei ya saruji.

"Yule mpiga picha, anaweza kuwatoa wengine? Abaki mtoto na mimi."

Nilisikia mwiko wa mtu mwingine ukigonga jiwe huko juu. Baba alikuwa bado na goti chini. Alikuwa mmoja wa wachache katika wilaya nzima ambao sasa walijua namna kazi ile inavyofanywa, na hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Anaweza," akasema. "Ninyi mko pembeni. Hapakwanguliwi kitu. Anakuza kipande chenu tu, sisi wengine tunabaki nje."

Kaka akaitikia kwa kichwa.

"Ila mama yako amemshika mtoto mguu, hapa chini ya gauni," baba akaendelea, akionyesha kwa kidole kama anavyowaonyeshea wageni. "Mkono wake utaonekana."

"Huo uache," kaka akasema.

Baba akasema atamwambia mpiga picha hivyo. Akairudisha picha kwenye fremu bila kadi, akainuka kwa kujisukuma na ukuta, akajikung'uta goti. Kaka alirudi juu kazini. Harusini nilivushwa kizingiti na mjomba, na wiki iliyofuata baba alipanda basi la Makambako peke yake.